Paili za skrubu: torki imepanda mita 1.1 halafu ikaporomoka, nisimamie wapi?

Kijiti_Saba

Habari za muda huu wakuu. Najenga banda la kuegesha magari, nguzo nane za chuma juu paa la bati, hakuna ukuta hata mmoja, na msingi nimeamua uwe paili za skrubu sababu sitaki kuchimba mashimo na kusubiri zege likauke. Paili yenyewe ni bomba la mm 76 na kule chini karibu na ncha kuna bapa moja tu la skrubu lenye kipenyo cha mm 300. Injinia aliyepiga hesabu za paa kasema kila nguzo itapeleka kN 9 chini, ila upepo ukiingia utainyanyua kwa kN 12, na hiyo 12 ni baada ya kutoa uzito wa paa lenyewe.

Sasa mkandarasi kaanza na paili ya kwanza, amefunga mota ya haidroliki kwenye ekskaveta ndogo na torki anaisoma kwenye geji. Kufika mita 1.1 torki ikawa kNm 2.1, mashine inaguna kabisa. Akaendelea kidogo nikashangaa inaanza kuporomoka, kwenye mita 1.6 ikawa 0.9. Yeye anasema karatasi inataka 0.92 tu, kwaiyo ile 2.1 ni zaidi ya mara mbili, zile saba zilizobaki tusimamie mita 1.1 na hii ya kwanza atairudisha juu kwa kuizungusha kinyume mpaka palipokuwa pagumu. Mi sio mtaalam ila roho inakataa. Hii torki inageuzwaje kuwa mzigo, na je yuko sahihi?

TorkiNdioMpango

Mkuu mbona jibu unalo tayari, mkandarasi wako anajua kazi. Hesabu ni mstari mmoja:

```
Qu = Kt x T
```

Qu ni mzigo ambao paili inashindwa, T ni torki uliyomalizia nayo, Kt ni namba ya bomba lako, kwa mm 76 ni kama 26 kwa kila mita. Unataka 12, sefti fakta 2, inakuwa 24, gawa kwa 26 unapata 0.92, ndo hiyo iliyoandikwa kwenye karatasi. Umepata 2.1, zidisha kwa 26 ni kN 55 hivi. Gawa kwa 2 una 27 wakati unahitaji 12. Torki haidanganyi, bapa likikaba limekaba. Simama hapo 1.1 okoa chuma na muda. Na ukitaka kubeba zaidi siku nyingine weka bapa kubwa zaidi, Kt inapanda.

Spana32

Kijiti kwa bolti za M16 grade 8.8 torki ya kukaza ni Nm 200 hivi kama hazijapakwa grisi, hiyo 2.1 kama ni ya kukazia nguzo kwenye sahani ya juu utakata bolti zote ndugu yangu, hakikisha anatumia spana ya torki asikaze kwa bomba la kuongezea mkono

Kijiti_Saba

@Spana32 asante ila sio torki ya bolti, naongelea nguvu ya kuisokota paili yenyewe iingie ardhini. Kwenye bolti ntakutafuta.

Mama_Udongo

Kijiti usimruhusu asimamie 1.1, na hiyo ya kwanza asiizungushe kinyume hata kidogo. Ntaeleza kwa nini, mnivumilie ni ndefu.

Kwanza TorkiNdioMpango, fomula yako ni sahihi na Kt 26 iko sawa, ila Kt haipandi kwa bapa kubwa. Kt inafuata kipenyo cha bomba, na inashuka kipenyo kikiongezeka. Wengi tunatumia hii:

```
Kt = 1433 / d^0.92
```

d ni kipenyo cha bomba kwa milimita, Kt inatoka kwa kila mita. Weka 76 utapata 26.7, weka 89 utapata 23. Sababu ni kwamba bomba linaposokotwa ubavu wake wote unasuguana na udongo, na torki inayoliwa na msuguano ule haikuambii kitu kikubwa kuhusu bapa. Bomba nene linakula nyingi, kwaiyo kila kNm moja unayosoma inanunua mzigo mdogo zaidi. Bapa kubwa litakupa torki kubwa zaidi kwenye udongo ule ule na mzigo mkubwa zaidi, lakini uwiano kati yake haubadiliki sana.

Sasa tatizo la mita 1.1. Torki inakuambia ugumu wa udongo ambao bapa linaukata dakika hiyo, basi. Lakini mzigo haukai pale pale bapa lilipo. Ukigandamiza, bapa linasukuma udongo ulio chini yake. Ukinyanyua, bapa linabeba udongo ulio juu yake. Hapo wewe una ukoko mgumu na mkavu juu, chini yake kuna udongo laini, na geji yako imekuonyesha wazi kabisa kwa kuporomoka toka 2.1 hadi 0.9. Ukisimamia 1.1 bapa limekaa kwenye ukoko, kwa kugandamiza linasukuma kuelekea udongo laini ambao torki ya 1.1 haijaupima, na kwa kunyanyua lina mita moja tu ya udongo juu yake.

Tupige hesabu ya kunyanyua tuone. Bapa la mm 300 likiwa mita 1.1 chini, likivutwa linang'oa pande la udongo lenye umbo la koni iliyopanuka kwenda juu. Tuwe wakarimu tuseme koni inapanuka kwa digrii 30 toka wima. Kule juu nusu kipenyo inakuwa kama mita 0.79, ujazo wa pande zima ni mita za ujazo 0.87, na udongo wa kN 17 kwa mita ya ujazo unapata uzito wa kN 15. Ukiwa mchoyo ukatumia digrii 15 unapata kama kN 5.6 tu. Utasema kuna mshikamano wa udongo pia, sawa, upo, lakini mfinyanzi mkavu una nyufa, na mvua zikianza ule mshikamano ndo wa kwanza kuondoka. Sasa linganisha 15 na ile 55 ya fomula. Fomula haijakosea hesabu, imetumika mahali ambapo haihusiki, maana uhusiano wa torki na mzigo ni wa paili zilizozama vya kutosha mpaka udongo unavunjika kule kule chini karibu na bapa bila kupasua ardhi juu.

Na kitu kingine ambacho banda jepesi linakificha. Watu wakisikia mzigo wanawaza uzito, ila paa la bati wazi pande zote uzito wake ni kidogo sana, kinacholiondoa ni upepo. Wewe mwenyewe kunyanyua ni 12 na kugandamiza ni 9. Kwaiyo swali lako kuu ni udongo wa juu ya bapa, sio wa chini.

mchanga_mtupu

Naongezea la kwangu. Sisi tuliweka fremu za paneli za sola kwenye mchanga, bapa kama hilo hilo. Paili kadhaa zilifika mahali zikagoma kushuka, opareta akaendelea kuzungusha tu, geji ikapanda vizuri sana na kila mtu akafurahi. Baadae tukazivuta na jeki, zile zilizogoma zikatoka kama hakuna kitu wakati jirani zake zenye torki ndogo zaidi zilikaa. Mpaka leo sijaelewa vizuri, torki ilikuwa juu na zimetoka kirahisi.

Mama_Udongo

@mchanga_mtupu nadhani walikutana na jiwe au tabaka la kokoto. Bapa linaposokotwa vizuri linashuka pichi moja kila mzunguko, pichi ya kawaida ni mm 75. Likigoma kushuka huku linazunguka linageuka kuwa keekee, linachuruza udongo ulio juu yake na kuacha umelegea. Torki inapanda kwa sababu ncha au ukingo wa bapa unakwaruza jiwe, na wakati huo huo ule udongo ambao ndo ungebeba kunyanyua umeharibika. Kwa kugandamiza huenda ile paili bado iko vizuri sana sababu imekaa juu ya kitu kigumu, kwa kunyanyua imekwisha.

Ndo maana kwenye karatasi ya kumbukumbu torki peke yake haitoshi, inatakiwa na mizunguko kwa kila kipande cha kina. Chora alama kwenye bomba kila mm 300, hesabu mizunguko kati ya alama mbili, kwa pichi ya mm 75 iwe karibu 4. Ikiwa 5 unaanza kuangalia kwa makini, ikiwa 7 au 8 pale pameshaharibika. Na opareta lazima aibonyeze chini kidogo muda wote, haswa mwanzoni, maana paili haijivuti yenyewe mpaka bapa lishike vizuri.

Hapo hapo Kijiti ndo utaona kwa nini kurudisha kinyume ni mbaya. Likizungushwa kinyume bapa linapanda, pale lilipotoka linaacha udongo uliovurugwa ambao sasa utakuwa chini yake, na ule ulio juu yake umekatwa mara mbili. Geji ikisoma kubwa pale haina maana yoyote.

Fundi_Presha

Mimi naendesha hizi mota kila siku na swali langu ni moja kabla hamjaenda mbali. Hiyo 2.1 ameipataje. Geji ya kwenye mashine inasoma presha, haisomi torki. Kuna chati ya mota inayogeuza bar kuwa Nm. Aliangalia presha ya kwenda tu au alitoa na ile ya kurudi?

Kijiti_Saba

@Fundi_Presha nimemuuliza. Geji ilisoma bar 140 kwenye 1.1 na bar 60 kwenye 1.6. Chati yake inasema Nm 15 kwa kila bar. Akazidisha. Ya kurudi haina geji.

Fundi_Presha

Basi hapo kuna kitu. Mwambie ainue mota juu hewani bila paili aizungushe kwa spidi ile ile aliyokuwa anafanyia kazi, asome geji. Hiyo presha ni ya kusukuma mafuta kwenye hosi na vali, haiendi kwenye paili. Unaitoa.

Kijiti_Saba

Amefanya, mota ikizunguka hewani inasoma bar 30.

Fundi_Presha

Sasa hesabu upya mwenyewe. 140 toa 30 ni 110, mara 15 ni kNm 1.65 sio 2.1. Hiyo bado kubwa. Ila ile ya chini ndo inauma, 60 toa 30 ni 30, mara 15 ni 0.45. Sio 0.9. Umepunguza nusu nzima. Kosa la kutotoa presha ya kurudi ni dogo ukiwa juu na ni kubwa ukiwa chini, sababu zile bar 30 ni zile zile kila mahali. Na mafuta yakiwa baridi asubuhi hiyo 30 inaweza kuwa zaidi, kwaiyo apime hewani tena mafuta yakishachemka kidogo. Spidi pia asiibadilishe badilishe, akikanyaga sana presha ya hosi inapanda.

Mama_Udongo

Fundi_Presha ubarikiwe, hilo ndo jambo ambalo sisi wa mezani tunalisahau.

Kijiti hii inabadilisha picha ya 1.6 kabisa. 0.45 mara 26 ni kN 12 za kushindwa, gawa kwa 2 ni 6. Hazitoshi hata zile 9 za kugandamiza, achilia mbali 12. Na kumbuka huo ndo udongo ulio chini ya ule ukoko aliotaka kusimamia. Endelea kushuka tu. Aunganishe kipande cha pili cha bomba, ashuke na asome kila mm 300, atoe bar 30 kila mara. Usitafute torki kubwa ya mara moja, tafuta pale inapopanda na kubaki imepanda. Tunachukua wastani wa kipande cha mwisho cha urefu mara tatu ya bapa, kwako ni mm 900, sababu bapa likivutwa litabeba udongo wa kipande hicho hicho lilichopita.

TorkiNdioMpango

Sawa mama nakubali la koni, sikuwa nimewaza kina. Ila mbona kwenye kugandamiza na kunyanyua tunatumia Kt moja? Kama udongo wa juu na wa chini ni tofauti si ingekuwa namba mbili.

Mama_Udongo

Swali zuri sana hilo. Historia yake ni kwamba mwaka 1989 watafiti Hoyt na Clemence walikusanya majaribio 91 kwenye saiti 24 wakalinganisha njia tatu za kukadiria, na torki ndo ikatoka yenye kutawanyika kidogo zaidi. Walipendekeza 33 kwa mita kwa mabomba membamba na shafti za mraba, 23 kwa bomba la mm 89, na karibu 10 kwa la mm 219. Majaribio yote yale yalikuwa ya kunyanyua. Watu wakachukua namba zile zile wakazitumia kwa kugandamiza, kwa hoja kwamba udongo wa chini ya bapa haujakatwa bado kwaiyo hauwezi kuwa dhaifu kuliko ule wa juu uliokatwa. Kwa udongo ulio sawa juu na chini hoja hiyo inasimama, kugandamiza kunatoka sawa na kunyanyua au juu kidogo. Haisimami ukiwa na tabaka laini chini ya bapa, kama pale kwako kwenye 1.1.

Na kuna kinyume chake ambacho kinawapata wengi. Udongo laini mrefu halafu chini kuna tabaka gumu. Bapa linaingia tu kwenye lile gumu torki inaruka, opareta anazima mashine. Kwa kugandamiza hiyo ni paili nzuri, imekaa juu ya gumu. Kwa kunyanyua bado iko kwenye udongo laini, maana chote kilicho juu yake ni laini, na torki iliyoandikwa ni ya tabaka lisilohusika na upepo. Hapo inabidi uzame ndani ya gumu angalau mara tatu ya bapa ndo ile torki uihesabie kunyanyua. Na kwa kugandamiza usisahau bomba jembamba refu kwenye udongo laini sana linaweza kupinda lenyewe kabla udongo haujashindwa, torki haitakwambia hilo kamwe.

Kijiti_Saba

Wakuu nimerudi. Tumeongeza kipande, tukashuka mpaka mita 3.0. Mkandarasi alinuna kidogo ila akafanya. Nimesoma mwenyewe nikiwa na kalamu na chaki kwenye bomba. Mita 2.1 bar 100, mita 2.4 bar 120, mita 2.7 bar 135, mita 3.0 bar 140. Mizunguko kati ya alama ilikuwa 4 kila mara, moja tu karibu 4 na nusu. Nikitoa 30 napata 1.05, 1.35, 1.58 na 1.65. Wastani wa hizo nne ni kama 1.4, mara 26 ni 36, nusu yake 18. Niko sawa?

Mama_Udongo

Uko sawa. 18 kwa 12 unayohitaji kunyanyua, na kwa 9 kwenda chini 18 ni mara mbili, na torki ilikuwa bado inapanda uliposimama. Angalia pia kwamba geji ilisoma bar 140 kwenye 1.1 na bar 140 tena kwenye 3.0. Namba moja, mzigo wa kunyanyua tofauti kabisa.

TorkiNdioMpango

Hapo nina neno. Kanuni ya AC358 ya Marekani ya paili za skrubu inataka bapa la juu kabisa liwe mara 12 ya kipenyo chake kwenda chini kama unaihesabia kunyanyua kwa torki. Mara 12 ya 300 ni mita 3.6. Kijiti yuko 3.0, ni mara 10. Kwa kanuni hiyo hajafika.

Mama_Udongo

Ni kweli inasema hivyo. Wengine wengi, nikiwemo, tunatumia mara 5 kama kina cha chini kabisa cha kuhesabia bapa limezama, na kwa mfinyanzi nimeridhika nayo. Kwenye mchanga uliobanana mara 5 ni kidogo, pande la udongo linaweza kupasuka mpaka juu hata kwenye mara 7. Ile 12 imewekwa kufunika kila aina ya udongo bila kuuliza. Kama kazi inakaguliwa kwa kanuni hiyo huna ubishi, shuka 3.6. Kama haikaguliwi, kwake mimi ningevuta paili moja nipate jibu la saiti yenyewe.

mchanga_mtupu

Mimi baada ya yaliyotukuta nasema 12 tu, mita 0.6 za bomba sio kitu

Kijiti_Saba

Kuivuta inafanywaje bila mashine kubwa?

Fundi_Presha

Boriti ya chuma juu ya paili, imekaa kwenye magogo pande zote mbili, jeki ya haidroliki yenye geji juu ya boriti, na fimbo ya chuma inayoshika kichwa cha paili na kupita kwenye tundu la jeki. Magogo yawe mbali na paili kadiri unavyoweza kila upande, maana yakiwa karibu uzito unagandamiza udongo ule ule unaouvuta na utapata jibu zuri la uongo. Kipimo cha kusogea kifunge kwenye ubao unaosimama kwenye vigingi vyake peke yake, usikifunge kwenye boriti, boriti inapinda. Panda taratibu, robo ya mzigo kila hatua, subiri dakika kadhaa uone kama sindano imetulia ndo uongeze.

Kijiti_Saba

Tumefanya kama alivyosema Fundi_Presha. Tumevuta mpaka kN 24, yaani mara mbili ya upepo. Kichwa kikapanda mm 11, tukashikilia hakikuongezeka, tulipoachia kikarudi kikabaki mm 4. Kitu kimoja kilinishangaza, kama mm 5 za kwanza zilikuja na mzigo mdogo sana, halafu ikakaza ghafla.

Spana32

Hapo ndo mimi naingia sasa. Hizo za mwanzo ni maungio ya vipande viwili. Paili ilisukumwa chini muda wote wa kuingia, kwaiyo bolti zimeegemea upande mmoja wa tundu. Ukivuta lazima zisafiri mpaka upande wa pili ndo zianze kubeba. Tundu likiwa kubwa kuliko bolti kwa mm 2 na yapo kwenye bomba zote mbili utapata mm 3, 4 bila udongo kufanya lolote. Upepo ukinyanyua na kuachia nguzo itacheza juu chini kila siku na zile tundu zinaendelea kuliwa. Kwenye zile saba tumia bolti inayobana vizuri kwenye tundu, mbili kwa msalaba kama ungio linaruhusu.

Mama_Udongo

Spana32 yuko sahihi kabisa na hilo halionekani kwenye torki hata kidogo, wakati wa kusokota ungio linabeba vizuri tu. Ukitoa huo mchezo wa bolti udongo wenyewe umesogea mm 6 hivi kwa mara mbili ya mzigo. Mpaka wa kuiita imeshindwa kwa kawaida tunaweka asilimia 10 ya bapa, yaani mm 30. Uko mbali nao.

Nilichobaki nacho ni ule ukoko. Kama ni mfinyanzi unaopasuka kiangazi maana yake unavimba masika. Ukivimba unashika bomba ubavuni na kulivuta juu, na banda lako halina uzito wa kulirudisha chini. Bapa likiwa 3.0 liko chini ya sehemu inayolowa na kukauka nadhani, kwaiyo litashikilia, ila hiyo nguvu ya kuvuta inaongezeka kwenye zile 12 za upepo na mtihani uliofanya ulikuwa kwenye ardhi kavu. Nyufa zinashuka kina gani hapo?

Kijiti_Saba

Nimetumbukiza waya kwenye ufa mmoja ukaenda kama mita 0.8, sijui kama ulipinda.

Mama_Udongo

Basi chukulia mita 1 na kitu inavimba. Bomba la mm 76 lina mzingo wa mita 0.24, kwa mita moja ni eneo la mita mraba 0.24, na mfinyanzi uliovimba ukishika kwa kPa 30 unapata kN 7. Jumlisha na 12 ni 19, na wewe una 18 zenye sefti fakta 2 ndani yake. Haivunjiki kesho, ila mto wako wa usalama umekuwa mwembamba. Kwa hiyo sababu, sio kwa sababu ya kanuni, ningekubaliana na TorkiNdioMpango mshuke 3.6 kwenye saba zilizobaki.

TorkiNdioMpango

Hiyo kPa 30 umeitoa wapi mama, mi naona kubwa kwa bomba laini la chuma lililopakwa zinki. Na upepo mkali na uvimbe wa juu kabisa kuja siku moja ni bahati mbaya sana.

Mama_Udongo

Ni makadirio yangu kwa mfinyanzi wa kati, inaweza kuwa 20 inaweza kuwa 40, bila sampuli siwezi kukuapia. Na upepo mkali kwa wengi unakuja na mvua, ndo maana sizitenganishi.

Fundi_Presha

Kijiti njia ya tatu ipo, paka bomba lami mita ya juu au livalishe mkono wa plastiki wenye nafasi, udongo uvimbe ushike plastiki. Tumeshafanya, ila ukishavalisha torki ya hapo juu isahau.

Kijiti_Saba

Mkandarasi kaniambia paili ya pili imefika bar 135 kwenye mita 2.3 tayari na anauliza asimame.

Mama_Udongo

Asisimame. Mpe masharti mawili na yote yatimie pamoja, wastani wa 1.4 kwenye mm 900 za mwisho na kina kisichopungua kile mtakachokubaliana, 3.0 au 3.6. Ila kwenye chati ya paili yenyewe kuna torki ya juu kabisa ambayo bomba linavumilia, aitafute kabla hajaendelea. Ikikaribia hapo kabla ya kina basi anasimama, hiyo paili mnaivuta kwa jeki kivyake.